“Ntmie soo 2”: Je, Ameomba Mia Mbili ama Mia Moja?

Umetoka kazini, simu inalia, unapata meseji hii kutoka kwa ndugu yako mdogo:

“Niaje brathe. Ndio 2 nafka steji na cna fea. Ntmie soo 2 nfke nymbani. Ntktmia kesho.”

Kwa mtu asiyezoea, hii inakaa kama simu imekaliwa kwa mfuko wa suruali. Lakini kila neno hapo lina maana, na kosa dogo la kusoma linaweza kukutoa pesa ambayo hukuombwa. Hebu tuisome pamoja.

Irabu zimeenda wapi?

Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, na ukipitisha hapo unalipia ya pili. Watu walijifunza kubana. Kwa Kiswahili kubana ni rahisi, kwa sababu karibu kila silabi huishia kwa irabu. Ukiona “nfke”, unajua kuna irabu baada ya n na baada ya f, na sentensi inakuambia ni zipi: nifike.

Kisha kuna herufi zinazosomwa kwa sauti yake. “C” husomwa “si”, kwa hivyo “cna” ni sina. Namba 2 husomwa “tu”, kwa hivyo “w2” ni watu na “k2” ni kitu. Ukiunganisha hayo, meseji yetu inasema: “Niaje brathe. Ndio tu nafika steji na sina fea. Nitumie soo … nifike nyumbani. Nitakutumia kesho.”

Umeona tumeacha pengo baada ya soo. Hapo ndipo pesa iko.

Soo mbili ama soo tu?

Kwa Sheng, soo ni shilingi 100. “Soo 2” kwa kawaida ni soo mbili, yaani 200. Lakini huyu ndugu yako ameandika “ndio 2” akimaanisha “ndio tu”. Kwa hivyo “soo 2” inaweza pia kuwa “soo tu”: mia moja peke yake. Ukiangalia maandishi hayo hata mara kumi, hayatakuambia ni gani.

Usikisie. Mjibu kwa tarakimu kamili: “Ni 200 ama 100?” Na wewe ukiomba pesa, andika vivyo hivyo. Maneno yako yabane unavyotaka, lakini kiasi kiandike chote. Hiyo pia inamsaidia mtu ambaye hajui kwamba finje ni 50, mbao ni 20 na thao ni 1,000.

Nani anamtumia nani?

Irabu zikitoka, konsonanti ndizo zinabaki kukuambia pesa inaelekea wapi. Linganisha hizi:

- ntmie: nitumie. Unaombwa.
- nktmie?: nikutumie? Unaulizwa kama utumiwe.
- ntktmia: nitakutumia. Ni ahadi tu.
- nmktmia: nimekutumia. Anasema ameshatuma.

Angalia mbili za mwisho. Tofauti ni t na m baada ya n ya kwanza. Mwenye duka akiisoma haraka anaweza kudhani ameshalipwa, kumbe ameahidiwa. Na hata kama imeandikwa “nmktmia” wazi kabisa, hayo bado ni maneno ya mtu. Kabla ya kutoa bidhaa, angalia salio lako mwenyewe. Meseji ya “umepokea pesa” ikitoka kwa namba ya kawaida ya simu, hata iwe imeandikwa vizuri namna gani, usiichukue kama malipo.

Je, ni mwizi?

Mtu akiona maandishi kama haya anaweza kudhani ni tapeli. Maandishi peke yake hayathibitishi hivyo. Ndugu yako huandika hivi kila siku, na tapeli anaweza kuandika Kiswahili sanifu. Pia anaweza kuiga “niaje brathe” bila shida, kwa sababu mtaa mzima huandika hivyo.

Cha kuangalia ni namba. Meseji yetu imetoka kwa namba uliyohifadhi? Unaombwa utume kwa namba hiyo hiyo? Kama ingeongeza “tma kwa hii no ya beshte”, hapo simama. Mpigie ndugu yako kwa namba unayoijua na usikie sauti yake. Asiposhika, subiri. Ukianza kutuma, soma jina la mpokeaji linapotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha.

Ndugu yetu wa steji alipigiwa. Alikuwa anataka mia moja: “soo tu, brathe.”