Barua ya Shukrani Baada ya Kuomba Mtaji

Mwekezaji aliyesikiliza kampuni kadhaa kwa siku moja huchanganya takwimu. Ndiyo maana barua ya shukrani hutumwa mapema, kwa kawaida ndani ya saa 24, ikirudia hoja chache kuu.

Chukua slaidi za mwanzo za Airbnb. Ombi lao lote lingeenea katika sentensi moja: dola 500,000 za kuendesha kampuni kwa miezi 12 hadi ifikishe safari 80,000, kila moja ikiingiza wastani wa dola 25, yaani mapato ya dola milioni 2. Msomaji anaweza kuzidisha mwenyewe.

Kisha barua hujibu swali lililobaki kikaoni na kupendekeza tarehe ya kukutana tena. Takwimu zake zikipishana na za slaidi, mwekezaji hutilia shaka hesabu zote.