Maelezo Mafupi Chini ya Makala

Kila Ijumaa huwachagulia wasomaji wangu makala tano za wiki, kila moja na maelezo mafupi. Kuchagua si kugumu. Kinachonitoa jasho ni yale maelezo. Ukiandika "makala nzuri, isome", hujamwongezea msomaji kitu.

Chukua makala kuhusu kuhifadhi mahindi. Inaonya kuwa ukungu huzalisha sumukuvu, ile iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na inashauri unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5. Ni kweli, lakini mkulima asiye na mashine ya kupimia atajuaje? Pengo hilo ndilo nililolijaza:

"Soma sehemu ya kukausha. Kama huna kipimo, jaza mahindi theluthi moja ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15: anika tena. Isiponata, endelea kuanika kidogo, maana 15 bado si 13.5. Makala haikutaja pia kwamba kupika hakuiondoi sumu hii."

Sikurudia yaliyomo. Nilitaja pa kusoma, nikaongeza njia ya kupima na udhaifu wake, kisha nikasema kilichosahaulika. Nisipopata la kuongeza namna hiyo, makala naiacha, hata wiki hiyo zibaki tatu.