Chumba Kwanza, Maikrofoni Baadaye

Wanaoniuliza habari za kazi ya kurekodi sauti nyumbani, wawe walimu wanaotafuta kipato cha ziada au vijana waliokamilisha kidato cha nne, huanza na swali lile lile: ni maikrofoni gani inayofaa kununuliwa? Nami huwajibu kwa swali jingine: chumba chako kimejengwa kwa nini, na jirani yako hulala saa ngapi? Wengine hudhani nafanya mzaha. Lakini kwa mkazi wa Sarang'ombe, wadi iliyomo katika eneo bunge la Kibra jijini Nairobi, au kwa mwenzake wa Kawangware, maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua iwapo sauti yake itanunuliwa au itarudishwa.

Nimekuwa nikisoma matangazo ya redio na ya maduka, na mara moja moja kitabu kizima, kwa miaka kadhaa sasa. Nionavyo mimi, wauzaji wa vyombo wamewaaminisha vijana wetu kwamba sauti safi hununuliwa dukani. Hilo si kweli, na limewagharimu wengi akiba yao.

Chukua mfano wa binti mmoja niliyewahi kumfundisha. Ana sauti ya kupendeza na matamshi yasiyo na dosari. Anaishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za mabati, paa la mabati lisilo na dari. Alijinyima kwa miezi mitano akanunua maikrofoni ya kondensa, ile ambayo watu husifu kwa kunasa kila kitu. Ikanasa kila kitu kweli: mtoto wa jirani, pikipiki za barabarani, mahubiri ya jioni, na treni inapopita relini. Akapeleka sampuli kwa mnunuzi mmoja wa vitabu vya kusikiliza, ikarudi na maneno machache tu kwamba kelele za nyuma zimezidi. Aliponijia alikuwa tayari kukopa fedha ili anunue maikrofoni nyingine ya bei kubwa zaidi.

Nilimwomba asubiri. Tulianza kwa kuipima kelele yenyewe, kwa maana kitu kisichopimwa hubishaniwa tu. Katika kompyuta yake tulitia programu ya Audacity, ambayo hutolewa bure. Akarekodi sekunde kumi za kimya, akiwa ameketi bila kusema wala kusogea, kisha akasoma aya moja kwa sauti yake ya kawaida. Programu hiyo inayo amri iitwayo Measure RMS, ambayo hutoa wastani wa nguvu ya sauti kwa desibeli. Hesabu zake hushuka kutoka sifuri. Kadiri namba ilivyo chini zaidi ya sifuri, ndivyo sauti ilivyo hafifu.

Kipimo tulichokitumia ni kile cha ACX, jukwaa la vitabu vya kusikiliza la kampuni ya Audible, kwa kuwa kimeandikwa wazi na wanunuzi wengi hukifuata. Usomaji wenyewe uwe kati ya desibeli -23 na -18 kwa wastani. Kilele kisipite -3. Na kimya kisizidi -60. Jukwaa hilo hupokea wasomaji wanaoishi katika nchi chache tu, na Kenya haimo, lakini rula haikatai kupima kitambaa cha mtu yeyote.

Binti yule alikuwa ameweka maikrofoni sentimita 60 kutoka kinywani. Sauti yake ilipopandishwa hadi -20, kile kimya chake kilisoma -46. Alipungukiwa na desibeli 14. Hapo ndipo wengi hukimbilia amri ya kufuta kelele ndani ya programu. Inafaa kidogo, kwa kelele hafifu isiyobadilika. Ikilazimishwa kufuta desibeli 14, hula na konsonanti za msomaji, na sauti ikatoka kama ya mtu anayezungumza akiwa majini. Mnunuzi mzoefu huitambua katika sentensi ya kwanza.

Dawa ya kwanza ilikuwa umbali. Sauti ya mtu aliye karibu hupungua kwa takriban desibeli sita kila umbali unapozidishwa mara mbili, na huongezeka vivyo hivyo unapokatwa nusu. Kelele ya nje haibadiliki hivyo, kwa sababu inatoka mbali na kujaa chumba kizima. Tukaileta maikrofoni kutoka sentimita 60 hadi 30, kisha hadi 15, yaani nusu ya rula ya shule. Nusu mbili, desibeli 12. Tuliposhusha nguvu ya kunasa ili sauti irudi -20, kimya nacho kilishuka hadi -58. Hatukutumia hata shilingi moja.

Hii ndiyo sababu maikrofoni ya dainamiki husifiwa katika vyumba vyenye kelele. Haina uchawi wa kuchuja mtoto wa jirani. Inamlazimisha msomaji kuisogelea, na kusogelea ndiko kunakofanya kazi. Maikrofoni nyingi za usomaji husikia zaidi mbele kuliko nyuma. Basi mgongo wake uelekezwe mlangoni, ambako kelele hupitia, nawe ukae ukitazama mlango huo.

Kukaribia nako kuna adhabu yake. Herufi /p/ na /b/ hutoa pumzi inayogonga maikrofoni na kutoa mshindo. Weka kiganja mbele ya kinywa useme "papai" na "pepo", utaihisi pumzi hiyo. Maikrofoni isiwekwe mbele ya midomo bali pembeni kidogo, ikielekea kinywani, ili pumzi ipite kando. Soksi nyembamba iliyovutwa juu ya duara la waya hutosha kuwa chujio.

Dawa ya pili ni mablanketi, na hapa ndipo watu hupotoka zaidi. Blanketi halizuii kelele kuingia. Kelele huzuiwa na uzito, kama ukuta wa mawe, na kwa kuziba nyufa. Blanketi halina uzito huo. Kazi yake ni kunyonya mwangwi wa sauti yako mwenyewe isigonge bati na kurudi. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mfupi wa chuma baada ya kofi, msikilizaji ataujua ukubwa wa chumba chako kabla ya kulijua jina la kitabu. Tulitundika mablanketi mawili mazito nyuma na ubavuni mwa msomaji, yakiwa yameachana na bati kwa upana wa kiganja, kwa kuwa nafasi hiyo ya hewa husaidia kunyonya hata sauti nene. Godoro likasimamishwa nyuma ya maikrofoni. Kofi la pili lilikufa papo hapo.

Zilibaki desibeli mbili, na hizo hazikununulika ila kwa saa. Mchana paa la bati hulia kwa kutanuka juani, na jioni hulia tena linapopoa. Mvua ikinyesha hakuna kazi, na anayeahidi kukabidhi kitabu mwezi wa Aprili bila kuhesabu masika amejitia kitanzi. Binti yule alipima saa saba na nusu za usiku, kompyuta ikitumia betri ili mvumo wa umeme usiingie, akapata -66. Kati ya saa hiyo na saa kumi na nusu, kabla ya adhana, majogoo na matatu za kwanza, anazo saa tatu za kazi.

Ila ukuta wa bati husikiza pande zote mbili. Anayesoma tangazo la sabuni mara ishirini saa nane za usiku anamsomea jirani pia, naye jirani ataraukia kibarua alfajiri. Kwa hiyo akapata mahali pengine: stoo ya mama mmoja anayeuza makoti ya mitumba, si mbali na soko la Toi. Kuta nne za makoti yaliyobanana hunyonya mwangwi kuliko vyumba vingi vinavyokodishwa kwa saa, na ile stoo ina ukuta wa mawe. Hulipa kidogo kwa siku za Jumapili, mama akiwa kanisani. Darasa tupu, ambalo walimu wengi hulifikiria kwanza, ni baya mno: sakafu ya saruji, kuta tupu, mwangwi kila pembe.

Na wanunuzi je? Wa kwanza hawako ng'ambo. Wako barabarani. Duka la dawa, shule ya chekechea, kinyozi na muuza simu, wote hutaka tangazo la nusu dakika la kuzungushwa mchana kutwa katika spika ya mlangoni. Baadaye huja studio ndogo zinazohudumia mashirika ya matangazo, na mashirika ya kijamii yanayohitaji ujumbe wa simu kwa Kiswahili. Hawa hawaombi wasifu, huomba sampuli. Iwe ya dakika moja, yenye vipande vitano tofauti: tangazo la furaha, tangazo la utulivu, taarifa, mazungumzo ya watu wawili, na simulizi. Kilicho bora kitangulie, kwa kuwa wengi hawafiki cha pili.

Kwa sampuli ya kitabu, uangalifu unahitajika. Walimu wengi hutamani kurekodi vitabu teule vya shule na kuviuza. Sauti ni yako, maneno yana mwenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki za maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Ken Walibora alifariki mwaka 2020. Siku Njema ina ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2070. Bila idhini ya mchapishaji iliyoandikwa, usikiuze hata kipande. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, muda wake kwa hesabu hiyo ukaisha mwaka 2012, hivyo maandishi yake yanafaa zaidi kwa mazoezi na sampuli.

Kuhusu bei, usihesabu dakika za kusikilizwa peke yake. Saa moja ya kitabu kilichokamilika hunichukua takriban saa sita: kusoma, kurudia, kukata makosa, kusikiliza upya. Tuseme mtu anakupa shilingi 3,000 kwa saa iliyokamilika. Anakulipa shilingi 500 kwa saa ya jasho, kabla ya kodi ya stoo. Tangazo nalo huuzwa kwa matumizi. Andika litachezwa wapi na kwa muda gani, kwa mfano redio moja, miezi mitatu, na kwamba kuliendeleza kutalipiwa upya. Nalijua tangazo moja lililolipiwa kwa mwezi mmoja likachezwa mwaka mzima, kwa sababu tu mapatano yalikuwa ya mdomo.

Nusu ya malipo iingie kwa M-Pesa kabla ya kusoma. Nusu ya pili ikingojewa, mpelekee mteja nakala yenye mlio mfupi kila baada ya sekunde kumi, imtoshe kusikiliza lakini isimfae kucheza. Safi ibaki kwako.