Jibu Lisilo Sahihi Hutungwaje: Mtihani wa Fidia ya Mkataba

Katika swali la kuchagua jibu, majibu yasiyo sahihi huitwa vipotoshi. Mhadhiri anayetunga swali kuhusu fidia ya kuvunja mkataba hujikuta jibu sahihi ameliandika kwa dakika moja, halafu vipotoshi vinamlaza macho. Akivibuni kutoka kichwani, hutoka vikiwa vya ovyo, na mwanafunzi ambaye hajasoma huvitupa kimoja kimoja mpaka abaki na jibu sahihi. Kipotoshi chenye kazi ni kile ambacho mwanafunzi mwenye dhana fulani potofu hukifikia kwa hesabu yake mwenyewe, akaridhika.

Njia ya kuzipata dhana hizo ni kuanza bila vipotoshi. Kisa hutolewa kwanza darasani kama swali la kujieleza: mnunuzi adai shilingi ngapi, na kwa nini? Hiyo “kwa nini” ndiyo yenye thamani, maana wanafunzi wawili wanaweza kuandika kiasi kimoja kwa sababu mbili tofauti kabisa. Mhadhiri husoma karatasi akipanga makosa kwa sababu zake, na makosa yanayojirudia ndiyo malighafi yake.

Chukua kisa hiki, kinachoamuliwa kwa sheria ya Tanzania Bara. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anakubaliana na muuzaji wa Mbeya kununua magunia 100 ya mchele kwa shilingi 200,000 kila gunia, malipo mchele ukifika. Siku ya kukabidhi muuzaji anasema hauzi tena. Siku hiyo sokoni mchele wa daraja lile lile upo kwa wingi, kwa shilingi 230,000. Mnunuzi anangoja bei ishuke. Haishuki, baada ya wiki mbili ananunua kwa shilingi 260,000. Kumbe alikuwa ameahidi kuiuzia shule moja mchele huo kwa shilingi 270,000, jambo ambalo muuzaji hakuambiwa, na shule ilipochoka kungoja ikanunua kwingine.

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokea katika mkondo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba huenda ikatokea. Hasara ya mbali haimo. Kifungu hicho hicho kinataka pia zizingatiwe njia ambazo mdai alikuwa nazo za kujinusuru. Kwa bidhaa zenye soko, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaanzia kwenye tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko siku ambayo bidhaa zilipaswa kukabidhiwa. Tofauti hapa ni shilingi 30,000 kwa gunia, kwa hiyo jibu ni milioni 3.

Sasa makosa. Wapo wanaoandika milioni 23. Hao wanaona mnunuzi anastahili fedha za kutosha kununua mchele sokoni, wakasahau kwamba milioni 20 za mkataba bado ziko mfukoni mwake. Wanaoandika milioni 6 wamechukua bei ya siku aliyonunua hasa, kana kwamba muuzaji anabeba gharama ya wiki mbili za kungoja. Hawajui, au wamesahau, kwamba mdai hatakiwi kukaa akiiangalia hasara ikikua.

Wanaoandika milioni 7 ndio wanaovutia zaidi, kwa sababu wamesoma. Wanajua kwamba fidia inakusudiwa kumweka mdai pale ambapo angekuwa kama mkataba ungetimizwa, na kweli ungetimizwa angepata faida ya milioni 7 kwa shule. Walichoruka ni kigezo cha hasara ya mbali, kilichowekwa na mahakama ya Uingereza mwaka 1854 katika kesi ya Hadley na Baxendale. Kinu cha nafaka cha Gloucester kiliendelea kusimama kwa sababu msafirishaji alichelewesha shafti iliyovunjika, na wenye kinu hawakupata faida waliyoikosa, kwa kuwa mahakama iliona hali yao ya pekee haikuelezwa kwa msafirishaji. Hata bila kigezo hicho hesabu yao haisimami. Mnunuzi wetu angenunua sokoni siku ile ile kwa milioni 23, angeiuzia shule kwa milioni 27 na kupata milioni 4. Ongeza fidia ya milioni 3, ni milioni 7 zile zile. Kipotoshi hiki humpima hata mwanafunzi mzuri, na ndicho cha kulindwa kuliko vyote.

Tarakimu za kisa zina kazi ya siri. Lau bei ya wiki mbili baadaye ingekuwa shilingi 270,000, milioni 7 ingetokana na makosa mawili, la kungoja na la faida ya shule, na mhadhiri asingejua mwanafunzi kakwama wapi. Ndiyo maana bei zinachezewa mpaka kila dhana itoe kiasi chake peke yake. Kwa upande mwingine, kipotoshi cha shilingi 300,000 hakifai hata kama wapo wanaopoteza sifuri moja, kwa sababu kinapima kuzidisha, hakipimi sheria.

Kisa chenyewe nacho lazima kifunge milango. Yakiondolewa maneno “upo kwa wingi”, mwanafunzi makini atauliza kama kweli mnunuzi angepata magunia 100 siku ile, na milioni 6 itaanza kuwa na utetezi. Kipotoshi kinachoweza kutetewa si kipotoshi tena. Ni rufaa ya matokeo inayosubiri kufunguliwa.

Dhana nyingine haziingii kwenye tarakimu. Mkataba ukisema atakayeuvunja atalipa milioni 10, kundi moja la wanafunzi hutoa milioni 10 zote, eti ndivyo walivyokubaliana. Kundi jingine, lililojaza kichwa vitabu vya Uingereza, husema hiyo ni adhabu, kwa hiyo sharti ni batili. Kifungu cha 74 kinawakataa wote: mdai hupata fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Makosa mawili yanayovutana pande tofauti ni bahati kwa mtunzi. Vipotoshi viwili vimeshapatikana, na chaguo tatu kwa swali zinatosha. Cha nne kilichotafutwa kwa nguvu mara nyingi huwa pambo. Tatizo huwa urefu. Jibu sahihi, likibeba masharti yake yote, huwa refu kuliko mengine, na wanafunzi wanaijua dalili hiyo, kwa hiyo vipotoshi navyo hupewa sababu: “milioni 10, kwa kuwa pande zote zilikubali kiasi hicho.”

Baada ya mtihani vipotoshi vyenyewe husahihishwa. Kwa desturi ya wapimaji, kilichochaguliwa na chini ya asilimia 5 ya watahiniwa hakifanyi kazi. Kisha hulinganishwa waliofaulu vizuri na waliofanya vibaya katika mtihani mzima. Milioni 23 ikichaguliwa zaidi na kundi la chini, imefanya kazi yake. Milioni 7 ikichaguliwa zaidi na kundi la juu kuliko la chini, mhadhiri hurudi kwanza kwenye kisa kuangalia kama sentensi inayosema muuzaji hakuambiwa habari za shule ilichapwa au ilidondoka. Ikiwa imo, ndipo hufungua maandalizi ya mhadhara wake kuhusu hasara ya mbali.