Saini ya shahidi haimfungi shahidi

Msimu wa pamba ukikaribia kwisha, kuna swali linalorudi Somanda na vijiji vinavyoizunguka Bariadi kama mvua za vuli. Mkulima amepima pamba yake, chama cha msingi kimeipokea, lori la kampuni limeibeba hadi kiwanda cha kuchambua, na pesa haijaonekana. Anafika na karatasi iliyokunjwa mara nne: ina saini saba, na chini kabisa umegongwa mhuri wa mtendaji wa kijiji. Anauliza, kati ya hawa saba, nimshtaki nani? Wengine huligeuza swali: mimi sikusaini popote, je, wanaweza kunidai? Au: mimi sikusaini, je, bado naweza kudai? Wote wanahesabu saini. Kuhesabu saini hakujawahi kumsaidia mtu kumpata mdaiwa wake.

Nianze na imani iliyoota mizizi kuliko zote, kwamba mashahidi wengi na mhuri wa serikali hufanya mkataba uwe mzito na kuwafunga wote walioshika kalamu. Kwa imani hiyo watu hutembea na karatasi kutoka kwa balozi hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji, na kila mhuri hulipiwa. Shahidi anasema jambo moja tu: nilikuwepo, nikawaona hawa wawili wakikubaliana. Hakuahidi kulipa wala kukabidhi chochote, na hakuna aliyemwahidi kitu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai hata kwamba kila mkataba uandikwe. Makubaliano ya mdomo yaliyofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kisheria ni mkataba kamili, isipokuwa pale sheria nyingine inapodai maandishi au mashahidi. Kwa hiyo shahidi yuko kwa ajili ya siku ya ubishi, wakati mmoja atakaposema hatukukubaliana hivyo. Mtendaji aliyegonga mhuri ataitwa mahakamani kueleza alichokiona. Hataitwa kulipa, na halmashauri yake haitalipa. Mashahidi kumi hawaongezi mdaiwa hata mmoja kwenye orodha, na mwenye mkataba wa mdomo usiobishaniwa hajapungukiwa haki yoyote kwa kukosa mhuri.

Hapo huja mapingamizi, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba ardhi ya kijiji haihamishwi bila halmashauri ya kijiji, kwa hiyo mhuri lazima uwe na nguvu. Ndiyo, lakini pale halmashauri hutoa kibali kama mamlaka ya ardhi, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kibali hicho hutolewa na kikao. Mtendaji aliyesaini peke yake kwenye kona iliyoandikwa "shahidi" hajatoa kibali cha halmashauri. La pili ni kwamba kuna watu walioandikwa mashahidi na bado wakabanwa. Wapo. Kuna karatasi zinazoandikwa "shahidi/mdhamini" kwenye mstari mmoja, na mahakama hulazimika kusoma maneno yote ili ijue mtu huyo alifanya nini. Ikiwa aliahidi kulipa endapo mkopaji atashindwa, huyo ni mdhamini, na amefungwa na ahadi yake mwenyewe, hata kama hakugusa senti ya mkopo. Kilichomfunga ni ile ahadi, wala si wino. La tatu ni gumu zaidi: mtu anashuhudia ndugu yake akiuza shamba, anasaini kimya, kisha mwaka unaofuata anadai kwamba shamba lilikuwa lake. Huyu hakuwa mhusika wa mauzo, lakini sheria ya ushahidi inaweza kumzuia kukana kile alichomwachia mnunuzi akiamini. Tofauti ni muhimu: saini yake inaweza kumfunga mdomo, ila haimfanyi muuzaji wala haimpi deni.

Turudi kwenye pamba. Tuseme mkulima amepima kilo 640 kwa bei ya shilingi 1,200, iliyokuwa bei elekezi ya msimu wa 2019, mwaka ambao bei ya dunia ilishuka na wakulima wengi wa Simiyu wakasubiri malipo kwa miezi. Anadai shilingi 768,000 kabla ya makato ya pembejeo. Mkataba wa kununua pamba una saini za chama na kampuni, yeye hayumo. Kwa kanuni ya msingi ambayo mahakama zetu zinaifuata, mkataba hauwapi haki wala kuwatwisha wajibu watu ambao si wahusika wake. Akisimama mahakamani na kusema "kampuni ilikiahidi chama kwamba itatulipa wakulima", ataambiwa kwamba ahadi hiyo ilipewa chama, na chama ndicho cha kuidai. Watu wengi huishia hapo wakikata tamaa. Ni mapema mno, kwa sababu bado hawajauliza lililo la maana: chama kilipopokea pamba, kilikuwa kimevaa kofia gani?

Kofia ziko tatu. Huenda chama kilinunua pamba kwa ajili yake chenyewe na kuiuza tena kwa kampuni. Hapo mdaiwa wa mkulima ni chama peke yake, na "kampuni haijatulipa" si utetezi, isipokuwa mkulima alikubali tangu mwanzo kwamba atalipwa baada ya kampuni kulipa. Huenda chama kilikuwa wakala wa kampuni: kampuni ilileta fedha za kununulia, ikaweka mizani, na ikakilipa chama kamisheni kwa kila kilo. Hapo kampuni ndiyo mnunuzi, ingawa haikumwona mkulima wala kusaini karatasi yake, maana anayemtuma wakala hufungwa na alichotumwa wakala kukifanya. Au huenda chama kilikuwa wakala wa wakulima, kikiuza pamba yao kwa niaba yao, na hapo mkulima ndiye muuzaji halisi na anaweza kuidai kampuni moja kwa moja. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hasara: bei ikishuka kati ya siku ya mizani na siku ya lori, inamwangukia nani? Anayebeba hasara hiyo ndiye mwenye pamba, hata stakabadhi ikisema nini.

Tofauti hiyo huonekana kwa ukali fedha inapopotelea njiani. Kampuni imepeleka fedha zote kwenye akaunti ya chama, viongozi wamezitafuna, na kampuni inasema imeshalipa. Kama chama kilikuwa wakala wa kampuni wa kulipa, fedha hizo hazikuwa zimemfikia mkulima. Zilikuwa bado mfukoni mwa kampuni, tuseme mfuko wenye tundu, na kampuni italipa tena. Kama chama kilikuwa wakala wa wakulima wa kupokea, kampuni imemaliza deni lake siku fedha zilipoingia, na mkulima abaki na chama chake. Karatasi, saini na mhuri ni vile vile, ila mdaiwa ni tofauti. Ndiyo maana inaudhi kuona stakabadhi ya mizani, ambayo mara nyingi ndiyo inayoonyesha ununuzi ulikuwa kwa niaba ya nani, imetupwa huku karatasi yenye mihuri ikitunzwa kwenye nailoni.

Wapo mawakili wenzangu wanaotafuta njia ya mkato katika kifungu cha 2 cha Sheria ya Mikataba. Kinasema kwamba kile kinachotolewa ili ahadi ifunge kinaweza kutolewa na mpokea ahadi "au mtu mwingine yeyote". Wanahitimisha kwamba mtu mwingine yeyote anaweza kushtaki. Hapana. Kifungu hicho kinaeleza malipo ya ahadi yanaweza kutoka kwa nani. Hakisemi ahadi ilielekezwa kwa nani. Sheria yetu ilichukuliwa kutoka sheria ya India ya 1872, yenye maneno hayo hayo, na rufani za India zilizofika kwa Baraza la Rufani la London zilishalipima jambo hili. Katika shauri la Jamna Das dhidi ya Ram Autar, lililoamuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1910, mnunuzi wa ardhi alibakiwa na sehemu ya bei akiahidi kumlipa mwenye rehani. Mwenye rehani alimshtaki mnunuzi akashindwa, kwa kuwa ahadi ilipewa muuzaji. Mkulima aliyetajwa tu kwenye mkataba wa chama na kampuni yuko mahali pale pale. Kinyume chake, mwaka 1910, katika shauri la Khwaja Muhammad Khan, bi harusi alishinda kesi dhidi ya baba mkwe aliyeahidi kwa baba yake kumpa rupia 500 kila mwezi, ingawa yeye mwenyewe hakusaini. Mali fulani ilikuwa imetengwa wazi kama dhamana ya malipo yake. Mlango wa asiye mhusika ni huo: fedha au mali iliyowekwa kando kwa ajili yake kwa jina. Kutajwa kama mnufaika hakutoshi. Anayenitajia sheria ya Uingereza ya 1999 iliyompa mtu wa tatu haki ya kudai, namkumbusha kwamba sheria za Uingereza tulizorithi ni zile zilizokuwepo hadi tarehe 22 Julai 1920.

Yaliyobaki ni ya haraka. Mwanachama anayekidai chama chake aanzie ndani ya ushirika na kwa Mrajisi. Mahakama huja baadaye. Msimu mpya ukianza, kikao kidai mkataba wa kampuni uandike kwamba chama kinauza kwa niaba ya wakulima walio kwenye daftari, au fedha ziingie akaunti maalumu ya amana yao. Sentensi moja inatosha. Chama kikiwa kinaidai kampuni na hakitaki kufuatilia deni hilo, kinaweza kumhamishia mkulima haki hiyo kwa maandishi, na kampuni ijulishwe. Mjane na watoto hawalipi deni la pembejeo la marehemu kutoka mifukoni mwao. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Mikataba huwafunga wawakilishi wa marehemu, na deni linalipwa kutoka mali aliyoiacha. Mke anayepima pamba yake kwa jina lake hakatwi dawa alizokopa mume ikiwa hakuahidi. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, kwa hiyo mwenzi huyo asaini chini ya neno "ninaridhia", si "shahidi". Aliyegongwa na gari hahitaji kuwa na mkataba na bima: akishinda dhidi ya mwenye gari, sheria inailazimisha bima kulipa hukumu hiyo ikiwa ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati. Na deni la mkataba hudaiwa ndani ya miaka sita, ikihesabiwa tangu siku malipo yalipopaswa kufanyika. Siku ya mhuri haihusiki.