Mtiririko wa nishati katika mtandao wa chakula

Mtiririko wa nishati ni namna nishati inavyoingia katika jumuiya ya viumbe hai, inavyopita kutoka kiumbe kimoja hadi kingine kwa njia ya chakula, na inavyotoka mwishoni ikiwa joto. Chanzo chake katika mazingira mengi ni mwanga wa jua. Tofauti na maji, kaboni au nitrojeni, ambavyo huzunguka na kutumika tena, nishati hupita upande mmoja tu. Ikishageuka kuwa joto na kusambaa hewani au majini, hakuna mmea wala mnyama anayeweza kuikusanya tena kuwa chakula.

Kwa sababu hiyo kila hatua ya ulaji hubakiza nishati pungufu kuliko hatua iliyotangulia. Ndiyo maana mnyororo wa chakula huwa mfupi, na wanyama wanaowinda wanyama wengine huwa wachache.

## Ngazi za ulaji

Ngazi ya ulaji ni nafasi ya kiumbe katika mnyororo wa chakula, ikihesabiwa kuanzia kwenye mmea. Ziwa Viktoria ni mfano mzuri.

* Ngazi ya 1 ni wazalishaji. Ziwani hawa ni hasa mwani mdogo sana unaoelea majini, ambao hutengeneza chakula chake kwa usanisinuru.
* Ngazi ya 2 ni walaji wa kwanza, yaani wanaokula wazalishaji. Miongoni mwao wamo wanyama wadogo wa planktoni wanaochuja mwani.
* Ngazi ya 3 ni walaji wa pili. Dagaa wa ziwa hilo hula hasa wanyama wa planktoni, hivyo wako hapa.
* Ngazi ya 4 ni walaji wa tatu, kama sangara anayekula dagaa.

Waozeshaji, yaani bakteria na kuvu, hawakai kwenye ngazi moja. Wao hupokea mizoga, kinyesi na mabaki kutoka ngazi zote.

Mnyororo ulionyooka namna hii hupatikana zaidi vitabuni. Sangara mchanga hula planktoni, kisha wadudu wa majini na uduvi. Akikua hula dagaa, furu, na hata sangara wadogo. Minyororo mingi ikiunganika hivyo huwa mtandao wa chakula, na mnyama mmoja huweza kuwa kati ya ngazi mbili.

Nafasi ya mnyama wa namna hiyo hupatikana kwa kuchukua wastani wa ngazi za vyakula vyake kisha kuongeza 1. Tuseme sangara mmoja hupata asilimia 60 ya chakula chake kwa dagaa (ngazi ya 3) na asilimia 40 kwa uduvi (ambao hapa tunawahesabu kuwa ngazi ya 2):

```
(0.6 × 3) + (0.4 × 2) = 1.8 + 0.8 = 2.6
2.6 + 1 = 3.6
```

Sangara huyo yuko ngazi ya 3.6. Jibu lenye desimali si kosa. Linaonyesha kwamba anakula katika ngazi zaidi ya moja.

## Nishati hupotelea wapi

Kati ya ngazi moja na inayofuata nishati hupungua kwa njia tatu, na inafaa kuzitenganisha kwa sababu haziishii mahali pamoja.

Kwanza, sehemu ya chakula hailiwi kabisa. Mizizi hubaki ardhini, majani hukauka na kuanguka, samaki wengine hufa bila kukamatwa. Nishati hiyo haijapotea bado. Imekwenda kwa waozeshaji.

Pili, kinacholiwa hakimeng'enywi chote. Nyuzi ngumu za majani hupita tumboni na kutoka zikiwa kinyesi. Mla nyama humeng'enya sehemu kubwa zaidi ya mlo wake kuliko mla majani, kwa kuwa nyama haina nyuzi hizo. Nishati ya kinyesi nayo huenda kwa waozeshaji.

Tatu, chakula kilichomeng'enywa hutumika katika upumuaji wa seli ili mnyama atembee, aendeshe moyo na misuli, na kukarabati mwili. Nishati hiyo hutoka ikiwa joto. Ndege na mamalia hutumia nyingi zaidi kwa sababu lazima miili yao ibaki na joto lilelile usiku na mchana. Mara nyingi hubakiza asilimia 1 hadi 3 tu ya walichomeng'enya kwa ajili ya kukua na kuzaa. Samaki na wadudu hubakiza sehemu kubwa zaidi.

Kinachobaki baada ya njia hizi tatu ndicho kinachojenga mwili mpya. Ni hicho tu ambacho mlaji wa ngazi inayofuata anaweza kukila.

## Hesabu iliyopimwa: Silver Springs

Mwanaekolojia Raymond Lindeman alieleza wazo la ngazi na upungufu wa nishati katika makala yake ya mwaka 1942, kutokana na utafiti wa ziwa dogo la Minnesota, Marekani. Vipimo vinavyotumiwa sana kufundishia, hata hivyo, ni vya Howard T. Odum, vilivyochapishwa mwaka 1957. Odum alichunguza chemchemi ya Silver Springs katika jimbo la Florida, Marekani. Maji yake ni maangavu na joto lake halibadiliki sana, kwa hiyo ilikuwa rahisi kupima kinachoingia na kinachotoka.

Tarakimu zifuatazo ni kilokalori kwa mita moja ya mraba kwa mwaka.

| Ngazi | Iliyopokewa | Upumuaji | Iliyobaki mwilini |
|---|---|---|---|
| Wazalishaji | 20,810 | 11,977 | 8,833 |
| Walaji wa kwanza | 3,368 | 1,890 | 1,478 |
| Walaji wa pili | 383 | 316 | 67 |

Kwa wazalishaji, safu ya kwanza ni nishati waliyoinasa kwa usanisinuru, inayoitwa uzalishaji ghafi. Kwa walaji ni nishati waliyoimeng'enya. Safu ya mwisho ni uzalishaji halisi, na hupatikana kwa kutoa:

```
uzalishaji halisi = iliyopokewa − upumuaji
20,810 − 11,977 = 8,833
```

Mimea na mwani wa chemchemi hiyo vilitumia zaidi ya nusu ya nishati yao kwa uhai wao wenyewe. Kati ya 8,833 zilizobaki, walaji wa kwanza walimeng'enya 3,368. Tofauti ya 5,465 ni nishati ambayo haikuliwa au ilitoka kama kinyesi. Sehemu yake ilitumiwa na waozeshaji, na nyingine ikachukuliwa na maji kwenda chini ya mto.

Ili kupata ufanisi wa kuhamisha nishati, nishati iliyopokewa na ngazi ya juu hugawanywa kwa ile iliyopokewa na ngazi ya chini yake, kisha jibu huzidishwa kwa 100:

```
3,368 ÷ 20,810 × 100 = 16.2%
383 ÷ 3,368 × 100 = 11.4%
```

Juu zaidi walikuwapo samaki wawindaji wakubwa, waliopokea 21 tu. Ukigawanya 21 kwa 383 unapata asilimia 5.5. Kutoka 20,810 hadi 21 ni hatua tatu tu, lakini nishati imepungua karibu mara 1,000. Mlaji mwingine juu ya hao angehitaji eneo kubwa mno ili kupata mlo wa siku moja.

## Kanuni ya asilimia kumi

Wastani wa asilimia tatu zilizopatikana Silver Springs ni takriban 11. Vipimo vya mahali pengi huwa kati ya asilimia 5 na 20, na kwa ajili ya makadirio vitabu hutumia asilimia 10. Ni kadirio, si sheria ya maumbile. Swali likitoa tarakimu zilizopimwa, ufanisi huhesabiwa kutoka kwenye tarakimu hizo. Asilimia 10 hutumika pale tu isipotolewa nyingine.

Tukirudi Ziwa Viktoria, tuchukue kwa mfano kwamba uzalishaji halisi wa mwani ni kilojuli 20,000 kwa mita ya mraba kwa mwaka:

```
mwani: 20,000
planktoni wanyama: 20,000 × 0.1 = 2,000
dagaa: 2,000 × 0.1 = 200
sangara: 200 × 0.1 = 20
```

Maana yake ni kwamba mwani uleule unaweza kutoa kilojuli 200 za dagaa, au, dagaa hao wote wakiliwa na sangara, kilojuli 20 za sangara. Anayekula dagaa amekaa hatua moja karibu zaidi na mwani, kwa hiyo ziwa lilelile linaweza kulisha watu wengi zaidi kwa dagaa kuliko kwa sangara. Dagaa wakigeuzwa chakula cha kuku, hatua nyingine ya upotevu imeongezwa.

Hii haina maana kwamba dagaa wote 200 wanaweza kuvuliwa. Sehemu lazima ibaki kuzaliana, na sangara na ndege wa ziwani nao wanaitegemea.

## Makosa ya kawaida na mipaka ya hesabu

Kosa la kwanza ni kuzidisha mara nyingi kupita kiasi. Hesabu huzidishwa kwa 0.1 mara moja kwa kila hatua, si kwa kila ngazi. Kutoka ngazi ya 1 hadi ya 4 kuna hatua tatu. Aliyepata 2 badala ya 20 katika mfano wa sangara amehesabu mwani kuwa hatua.

Kosa la pili ni kulinganisha uzito bila kuangalia maji. Kilo moja ya dagaa wakavu ilitokana na kilo kadhaa za dagaa wabichi, kwa hiyo haiwezi kulinganishwa na kilo moja ya sangara mbichi. Ulinganisho sahihi hufanywa kwa nishati, au kwa uzito mkavu wa pande zote mbili.

La tatu ni kuchanganya kiasi kilichopo na kiasi kinachozalishwa. Majini uzito wa mwani unaoonekana siku moja huweza kuwa mdogo kuliko uzito wa wanyama wanaoula, na piramidi ya uzito ikawa juu chini. Mwani huongezeka upesi na kuliwa upesi, kama duka dogo linalouza na kujaza rafu kila siku. Ukipima nishati ya mwaka mzima, piramidi husimama sawa tena: msingi wake daima ni mpana kuliko ngazi zilizo juu yake. Ndiyo sababu kizio cha hesabu hizi hutaja eneo na muda pamoja, yaani kilojuli kwa mita ya mraba kwa mwaka. Jibu lisilo na muda linaeleza kilichopo, haliwezi kueleza mtiririko.