Ikisiri 120, Nafasi 40

Mwaka 2014 waandaaji wa NIPS, kongamano kubwa la wanasayansi wa kompyuta lililofanyika mwaka huo Montreal, Kanada, walijipima kwa namna ambayo kamati nyingi zingeiogopa. Wenyeviti wa programu, Corinna Cortes na Neil Lawrence, waliwagawa wapitiaji wao mafungu mawili, kisha makala 166 zikapelekwa kwa mafungu yote mawili, kila fungu lisome na kuamua peke yake. Majibu yaliporudi, mafungu hayo yalikuwa yamepishana kuhusu makala 43, yaani karibu moja katika kila nne. Zaidi ya nusu ya makala zilizokubaliwa na fungu moja zilikuwa zimekataliwa na la pili. Jaribio hilo lilirudiwa mwaka 2021, na hali haikuwa tofauti sana.

Wapitiaji wale hawakuwa wavivu wala wapendeleaji. Watu makini wawili wakisoma kazi moja, kila mmoja ana lake la kusema, na hakuna mwandaaji awezaye kuliondoa hilo. Anachoweza kushika mkononi ni mambo yanayotangulia usomaji: nani asome nini, asome lini, na afungwe na masharti gani. Haki ya kongamano huamuliwa hapo, wiki kadhaa kabla ikisiri ya kwanza haijafunguliwa.

Tuchukue kongamano la Kiswahili la kubuni, Dar es Salaam, tarehe 26 hadi 28 Oktoba. Nafasi za kuwasilisha ni 40 na kamati inatarajia ikisiri 120. Kosa la kawaida ni kuanza kwa kutangaza wito, kisha kutafuta mahali pa kubana shughuli nyingine zote. Kalenda ya namna hii huhesabiwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mwasilishaji anayetoka Lubumbashi au Bayreuth anahitaji barua ya kukubaliwa ili aombe nauli chuoni kwake, na fedha za chuo hazitoki kwa wiki mbili. Mpe wiki 12, na matokeo yatalazimika kutoka tarehe 31 Julai. Kikao cha kamati kitachukua wiki mbili kabla ya hapo, na usomaji wiki tatu, kuanzia tarehe 29 Juni. Kuchambua ikisiri na kuzigawa kunataka karibu wiki mbili nyingine. Kwa hiyo mwisho wa kupokea ni tarehe 15 Juni, na wito utoke katikati ya Aprili. Kalenda hiyo ilinganishwe na sikukuu za mwaka husika. Saba Saba itaangukia katikati ya usomaji, na Ramadhani na Idi husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana isinakiliwe tu.

Saa nayo itajwe. Ukiandika kwamba mwisho ni saa sita usiku wa tarehe 15, nusu ya watu wataelewa usiku wa kuamkia tarehe hiyo na nusu usiku wa kuamkia tarehe 16. Andika 23:59, saa za Afrika Mashariki, na hakuna atakayekupigia simu. Makongamano ya sayansi ya kompyuta yana desturi yao, ya kutumia saa za ukanda wa nyuma kuliko yote duniani, UTC−12, ili tarehe isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka iwe imekwisha kila mahali. Kwa aliye Dar es Salaam au Nairobi, hiyo ni saa tisa kasoro dakika moja alasiri ya siku inayofuata.

Halafu kuna ugonjwa wetu wa kuongeza muda. Tarehe 13 Juni ikisiri zilizofika ni 30, kamati inaingiwa na hofu, tangazo linatoka kwamba wiki mbili zimeongezwa. Ikisiri kwa kawaida huja kwa wingi siku mbili za mwisho, kwa hiyo hesabu ya tarehe 13 haina maana yoyote. Wiki hizo mbili hazidondoki kutoka mbinguni: zinakatwa kwa wapitiaji, ambao sasa watasoma kwa wiki moja badala ya tatu, na watasoma vibaya. Aliyekesha ili awahi amefanywa mjinga, na mwakani naye atachelewa. Kama ni lazima kuwa na huruma, itengewe mahali ndani ya kalenda tangu mwanzo. Acha mfumo uendelee kupokea saa 24 baada ya muda uliotangazwa, bila kumwambia mtu, ili umeme ukikatika Kigoma mtu asipoteze nafasi. Saa hizo zikiisha, funga.

Fomu ya kupokelea ikisiri inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Maneno 300 yanatosha, lakini wito useme ndani yake kuwe na nini: swali la utafiti, data zimetoka wapi, na nini kimeonekana mpaka sasa. Jina na chuo vijazwe katika sehemu tofauti ili ikisiri yenyewe iende kwa mpitiaji bila utambulisho. Sababu ya kuficha majina ilipimwa vizuri mwaka 2017 katika kongamano la kompyuta la WSDM, ambako kila makala ilisomwa na wapitiaji waliomjua mwandishi na wengine wasiomjua. Waliojua waliegemea zaidi upande wa waandishi maarufu na taasisi kubwa. Kuficha kuna mipaka yake, na katika isimu ya Kiswahili mipaka hiyo iko karibu, kwa sababu anayechunguza lahaja ya Kimakunduchi hatafutwi kwa tochi. Hata hivyo katibu anaweza kuondoa yale yanayopayuka: sentensi kama "nilivyoonyesha katika tasnifu yangu", na jina la mwandishi ambalo programu ya kuandikia hulihifadhi kimyakimya katika taarifa za faili.

Sasa hesabu ya watu. Kila ikisiri isomwe na watatu, kwa kuwa wawili wakipishana hakuna wa kuamua. Ikisiri 120 mara tatu ni mapitio 360. Kila mpitiaji akipewa kumi, na kila moja ikimchukua dakika 20, kazi yake ni saa tatu na ushee, mzigo ambao mhadhiri anaweza kuubeba ndani ya wiki tatu. Wanahitajika wapitiaji 36. Alika 42, sita wakae akiba bila kupewa kitu, na waambiwe wazi kwamba wako akiba.

Kabla ya kugawa, kila mpitiaji ataje wale asiopaswa kuwahukumu: wenzake wa idara moja, wanafunzi aliowasimamia, walioandika naye miaka ya karibuni, ndugu na wenza. Kwa kuwa majina yamefichwa, katibu peke yake ndiye atakayelinganisha orodha hizo na waandishi. Kisha kila mpitiaji achague mada ndogo mbili anazozimudu, tuseme fasihi na tafsiri, na ndani ya mada hizo ikisiri zigawiwe kwa bahati nasibu. Usimruhusu achague ikisiri moja moja. Mwaka 2021 Michael Littman, mwanasayansi wa kompyuta, aliandika juu ya magenge ya watafiti katika fani yake ambao walikuwa wakipeana majina ya makala zao ili kila mmoja aiombe ya mwenzake aipitie.

Jambo moja hapa husahaulika karibu kila mahali. Ni rahisi kwa katibu kuunda vikundi vya watu watatu watatu na kukipa kila kikundi ikisiri kumi zilezile. Jedwali linapendeza, lakini watatu wagumu wakikutana katika kikundi kimoja, ikisiri zote kumi zimekwisha, na hakuna atakayejua kwa nini. Changanya, ili yeyote asome baadhi na huyu na baadhi na yule. Na mfuatano wa kusoma utofautiane kwa kila mpitiaji. Wote wakianza na namba moja kwenda mbele, zile za mwisho zitasomwa na watu waliochoka.

Katika siku ya saba ya usomaji katibu aangalie mfumo. Mpitiaji ambaye hajaingiza hata alama tatu apigiwe simu siku hiyohiyo, na asipopatikana ndani ya siku mbili mzigo wake uhamie kwa mtu wa akiba. Ukingoja siku ya 20 utabaki na ikisiri zenye msomaji mmoja, nazo ndizo zinazoishia kuamuliwa na mwenyekiti akiwa peke yake usiku.

Alama zikishaingia, kishawishi ni kuzipanga kutoka kubwa kwenda ndogo na kukata mstari chini ya ya 40. Tazama ikisiri mbili. Ya kwanza imepata 4, 4 na 5, wastani 4.3. Ya pili imepata 3, 3 na 4, wastani 3.3. Ya kwanza inaonekana mbele kwa mbali. Lakini wapitiaji wa ya kwanza ni wapole: wastani wa alama walizotoa kwa ikisiri zao zote ni 4.2, 4.0 na 4.5. Wa ya pili ni wagumu, wastani wao ni 2.5, 2.6 na 3.3. Ukipima kila alama dhidi ya kawaida ya aliyeitoa, ya kwanza imezidi kwa 0.1 tu, na ya pili kwa 0.5. Waliosoma ya pili waliiona bora kuliko nyingi walizosoma, ila mikono yao ni mizito.

Hesabu hii inasimama kwa sababu kila mmoja alisoma kumi, tena za bahati nasibu. Aliyesoma tatu tu huenda alipata tatu mbaya, na ugumu wake ukawa haki tupu. Ndiyo maana nisingeiacha mashine iamue. Itumike kuonyesha mahali ambapo orodha mbili, ya alama ghafi na ya alama zilizosawazishwa, zinapishana.

Kwa kawaida ikisiri 20 hivi zitakuwa juu katika orodha zote mbili. Zikubaliwe bila mjadala. Nyingine 60 ziko chini katika zote mbili. Zinabaki 40 za katikati kugombea nafasi 20, na wiki mbili za kikao ni zao. Kamati isome maoni ya wapitiaji, si alama, na ikifika mahali ambapo ikisiri tano zinalingana kwa nafasi mbili, mimi ningepiga kura ya bahati. Wapo watakaoguna. British Academy ya Uingereza ilianza mwaka 2022 kugawa ruzuku zake ndogo za utafiti kwa kura miongoni mwa maombi yaliyofikia kiwango, na baada ya kuona matokeo ya Montreal ni vigumu kusema kwamba mjadala wa saa mbili ungechagua vizuri zaidi.

Waliokosa kwa kura waingie orodha ya akiba kwa mfuatano uleule uliotoka, na waambiwe namba zao. Kufikia Septemba watu kadhaa watakuwa wamekosa nauli na kujitoa, na katibu atapiga simu kuanzia namba moja.